Saa Nane Imefika au Saa Nane Zimepita? Kutafsiri Maelezo ya Dawa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili

Utangulizi

Katika mafunzo ya tafsiri, mwanafunzi hukutana mapema na Nida (1964) na ulinganifu wake wa aina mbili, wa kimuundo na wa kiathari. Baadaye hukutana na Newmark (1988), anayeainisha matini kwa kuzingatia dhima: zipo za kueleza hisia za mtunzi, za kutoa habari na za kumwita msomaji atende jambo. Kijikaratasi kinachokunjwa ndani ya pakiti ya dawa hujumuisha dhima mbili za mwisho kwa pamoja. Humpa msomaji habari na kumwambia la kufanya katika sentensi ile ile. Licha ya hayo, matini hii haipewi nafasi kubwa madarasani, pengine kwa kuwa inaonekana kavu na nyepesi. Makala haya yanashikilia kwamba si nyepesi hata kidogo. Ugumu wake haumo katika istilahi za kitaalamu, ambazo aghalabu ndizo huwashughulisha wanafunzi, bali umo katika maneno ya kila siku kama vile saa, siku, dozi, mara, na.

Ili mjadala usielee hewani, tutatumia dawa moja: mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, ambao Wakenya wengi huujua kwa ufupisho wa AL. Serikali ya Kenya iliuteua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, badala ya salfadoksini na pirimethamini. Tembe ya kawaida ina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza tembe 4 kwa wakati mmoja. Mtoto wa kilo 5 ambaye hajafika kilo 15 humeza tembe 1, na kati ya hapo kuna tembe 2 na tembe 3. Kila mmoja humeza mara sita kwa siku tatu. Utaratibu wenyewe, kama unavyoelezwa katika matini chanzi, ni huu: mgonjwa ameze tembe za kwanza, ameze za pili saa nane baadaye, kisha ameze asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Kwa Kiingereza maelezo haya ni sentensi moja fupi isiyo na utata wowote. Kwa Kiswahili ni mtego.

Utata wa saa

Tuchukue tafsiri ambayo mwanafunzi mwangalifu angeiandika kwa mkono wa kwanza: "Meza tembe 4. Baada ya saa nane, meza tembe nyingine 4." Kisarufi sentensi hizi hazina dosari, na kimsamiati kila neno lina kisawe chake katika matini chanzi. Hata hivyo, "baada ya saa nane" ina maana mbili katika Kiswahili. Yaweza kuwa ni baada ya muda wa saa nane kupita, na yaweza kuwa ni baada ya mshale wa saa kufika saa nane mchana. Kiingereza hakina tatizo hili kwa sababu kina neno moja la muda na usemi mwingine wa kutaja wakati wa siku. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili.

Tuone utata huu unavyoweza kumpotosha mgonjwa. Mtu mzima ameanza dawa saa nne asubuhi. Tembe za pili zinapasa kumezwa saa kumi na mbili jioni. Akiielewa sentensi kwa maana ya mshale, atazimeza punde tu baada ya saa nane mchana, yaani muda wa saa nne badala ya nane. Mgonjwa wa pili ameanza saa tisa alasiri, naye anapasa kumeza tena saa tano usiku. Yeye akiielewa sentensi vivyo hivyo, ataona kwamba saa nane ya leo imekwishapita, hivyo atangoje ya kesho. Zitapita saa 23. Sentensi moja imewapeleka wagonjwa wawili pande mbili tofauti, mmoja mapema mno na mwingine akiwa amechelewa mno, na hakuna hata mmoja wao aliyekosea katika kusoma. Ikumbukwe kwamba artemeta hufanya kazi haraka na kutoka mwilini haraka, ndiyo maana mpangilio wa siku ya kwanza ukawa na umuhimu wake.

Wako wanaosema kwamba suluhisho ni kutumia "masaa" kwa muda na "saa" kwa wakati, hivi kwamba tuseme "baada ya masaa manane". Usemi huu umeenea sana nchini na humwondolea msomaji shaka mara moja. Pingamizi ni kwamba usanifu huiweka nomino saa katika ngeli ya I-ZI, na mhariri makini atakuja na kalamu nyekundu aifute "ma-" bila kujua kwamba ameifuta pia maana. Mimi binafsi singemlaumu mfasiri anayechagua "masaa manane" katika matini ya wagonjwa, lakini nadhani sarufi sanifu yenyewe ina dawa nzuri zaidi ambayo hatuitumii ipasavyo, nayo ni upatanisho.

Tazama tofauti hii. Tukitaja wakati wa siku, husema "saa nane imefika", kwa umoja, kwa kuwa ni nukta moja katika mzunguko wa siku. Tukitaja muda, husema "saa nane zimepita", kwa wingi, kwa kuwa ni saa nane zinazohesabika. Nomino haibadiliki, ila kiambishi cha kitenzi kinapambanua maana zote mbili bila kuvunja kanuni yoyote. Tatizo la tafsiri yetu ya kwanza ni kwamba ilitumia "baada ya", kihusishi kisichodai upatanisho, hivyo ikaifungia nje ile silaha ambayo lugha imetupa. Tukirudisha kitenzi, utata hutoweka: "Saa nane zikishapita tangu ulipomeza tembe za kwanza, meza tembe nyingine 4."

Mbinu hii ina mpaka wake. Haifai kwa saa moja, kwa sababu muda wa saa moja nao ni umoja: "saa moja ikipita" haimpambanulii msomaji lolote. Hili si jambo la pembeni katika matini tunayoijadili, kwani kijikaratasi cha AL huagiza kwamba mgonjwa akitapika kabla ya muda wa saa moja kupita arudie kumeza kiasi kile kile. Mfasiri akiandika "ukitapika kabla ya saa moja", yuko msomaji atakayeelewa kwamba habari hiyo yamhusu anayetapika alfajiri tu. Hapa ni heri kuikimbia saa kabisa na kuandika "kabla ya dakika 60 kupita". Dakika hazitumiwi peke yake kutaja wakati wa siku, hivyo hazina maana ya pili.

Jambo jingine linalohusiana na hili ni usemi wa "kila saa nane" au "kila saa sita", unaopatikana katika maelezo ya dawa nyingi za maumivu na za kuua bakteria. Msomaji anaweza kuuelewa kama kila ifikapo saa sita, jambo litakalomfanya ameze mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa sita usiku, badala ya mara nne. Hapa pia kitenzi husaidia: "kila zinapopita saa sita". Ama kuhusu kugeuza saa ya Kizungu kuwa ya Kiswahili pale matini chanzi inapotaja wakati wa siku, hilo kila mwanafunzi analijua, ingawa si vibaya kulihakiki mara mbili unapochoka.

Siku inaanza lini?

Sehemu ya pili ya agizo letu husema dawa imezwe asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Wachapishaji wengi hupenda kuweka jedwali lenye vichwa "Siku ya 1", "Siku ya 2" na "Siku ya 3", na chini yake picha ya jua na picha ya mwezi. Kwa aliyeanza dawa asubuhi, jedwali halina shida. Kwa aliyeanza jioni lina shida, na kwa msomaji wa pwani laweza kuwa na shida zaidi, kwa kuwa katika hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu hiyo, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wa bara angeuita Alhamisi usiku. Vyombo vya habari hukwepa utata huu kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Mfasiri hana mamlaka ya kubadilisha jedwali la mtengenezaji dawa, lakini ana mamlaka juu ya maneno yanayolifuata. Njia ninayoipendekeza ni kuacha kuzitegemea siku na badala yake kuzihesabu tembe. Jumla ya tembe za mtu mzima ni 24, yaani 4 mara 6. Kwa hiyo tafsiri yaweza kusema: "Mara ya kwanza, meza tembe 4. Mara ya pili, saa nane zikishapita, meza tembe 4. Ukiamka kesho yake, meza tembe 4. Jioni yake, meza tembe 4. Keshokutwa ukiamka, meza tembe 4. Jioni yake, meza tembe 4. Sasa pakiti yako imekwisha." Ni ndefu kuliko asili yake, na mhariri atalalamika juu ya nafasi. Hata hivyo, kila sentensi ina tendo moja na kiasi kimoja, na msomaji ana njia ya kujihakiki mwenyewe.

Hesabu hii humsaidia pia mfasiri. Kosa moja linalojitokeza katika tafsiri za namna hii ni kuandika "asubuhi na jioni kwa siku tatu zinazofuata", kwa kuwa mfasiri ana picha ya tiba ya siku tatu akilini mwake. Ukijumlisha, mgonjwa huyo angehitaji tembe 32 wakati pakiti ina 24. Kosa hili halionekani kwa macho, ila huonekana kwa kujumlisha. Vivyo hivyo, sentensi ya "mara mbili kwa siku kwa siku tatu" si ya makosa, lakini "kwa siku kwa siku" humlazimu msomaji arudi nyuma, na arudipo mara nyingi huruka moja. Ni heri kuikata vipande viwili.

Dozi

Neno dozi ni mkopo kutoka Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi hulirudisha kwenye tafsiri bila kufikiri. Lakini mkopo ulipoingia Kiswahili ulibadilisha maana. Katika Kiingereza cha kitabibu neno hilo hurejelea kiasi kinachotumiwa kwa wakati mmoja. Katika Kiswahili cha Kenya, mtu akisema "nimemaliza dozi" anamaanisha kwamba amemaliza tiba nzima, na "dozi ya malaria" ni pakiti yote. Ni rafiki wa uongo kwa maana kamili ya istilahi hiyo.

Tuone kinachotokea. Matini chanzi inasema kwamba mgonjwa aliyesahau kiasi cha wakati mmoja akimeze mara anapokumbuka, wala asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Mfasiri anaandika: "Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka. Usimeze dozi mbili kwa pamoja." Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba aliyesahau tiba yote aimeze yote mara anapokumbuka! Sentensi ya pili haimzuii, kwani inamkataza tu kumeza pakiti mbili. Katika dawa kama parasetamoli, ambayo mtu mzima hapasi kuzidisha tembe 8 za miligramu 500 katika muda wa saa 24, maana ya namna hiyo yaweza kuliharibu ini.

Je, tutumie nini? Wengine hutumia "kipimo", lakini neno hilo lina kazi nyingine hospitalini: mgonjwa huenda kwenye maabara kufanyiwa vipimo, na kipimo pia ni kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji. Mimi naona neno "mkupuo" lafaa, kwa kuwa linabeba dhana ya kufanya jambo kwa mara moja, lakini nakiri kwamba huenda likawa geni kwa msomaji wa kawaida wa bara. Katika matini ya wagonjwa, njia ya salama ni kutokutafuta nomino. Taja tembe zenyewe: "Ukisahau kumeza tembe 4 za wakati fulani, zimeze mara unapokumbuka. Usimeze tembe 8 kwa pamoja." Mwanafunzi wa istilahi atasikitika kwamba dhana haikupata jina lake, ila kijikaratasi si kamusi. Aliyetaka kulitafutia jina afanye hivyo katika matini ya wafamasia, ambako Kamusi ya Tiba ya TUKI na nyingine za aina hiyo ndiko hasa mahali pake.

Makatazo na silabi moja

Katika Kiingereza ukanushaji ni neno kamili linalojitegemea. Mchapishaji huliandika kwa herufi kubwa au nene, na jicho haliwezi kulikosa. Kiswahili huuficha ukanushaji ndani ya kitenzi. "Umeze" na "usimeze" hutofautiana kwa silabi moja, "-si-", katikati ya neno, na msomaji mwenye homa au anayesoma kwa mwanga wa koroboi anaweza kuiruka. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa kimofolojia: katika kijikaratasi cha dawa, amri ya kukubali iwe "meza" na katazo liwe "usimeze", na dhamiri tegemezi ya "umeze" iepukwe, japo pwani ndiyo yenye adabu. Maneno mawili yanayotofautiana tangu herufi ya kwanza hayachanganywi kirahisi. Katazo linapopigiwa chapa nene, liandikwe kwa nene neno zima.

Pili, makatazo hayako katika daraja moja, na hapa ndipo tafsiri nyingi huporomoka. Matini chanzi huyaweka katika ngazi. Kuna hali ambazo mtu hapasi kabisa kutumia dawa. Kuna hali ambazo anapasa kumwona daktari au mfamasia kwanza, na huenda akaruhusiwa. Kisha kuna mambo ya kuangalia baada ya kuanza. Wafasiri wengi huzikusanya ngazi zote chini ya kichwa kimoja cha "Tahadhari". Matokeo yake ni kwamba mwenye katazo kamili hujiona amepewa ushauri tu, na yule aliyepaswa kuuliza tu huogopa akaitupa dawa anayoihitaji. Kwa ngazi ya kwanza baadhi ya wataalamu wamependekeza nomino kama vile "vikwazo vya matumizi". Si mbaya kwa matini ya kitaalamu. Kwa mgonjwa, kichwa kiwe sentensi inayomwambia tendo: "Usimeze dawa hii ikiwa", na kwa ngazi ya pili, "Mwulize mfamasia au daktari kwanza ikiwa".

Chini ya kichwa cha kwanza, kijikaratasi cha AL hutaja watu waliowahi kupata mzio wa dawa hii, wenye malaria kali, wale ambao wao au jamaa zao wana aina fulani ya hitilafu ya mapigo ya moyo, na wanaotumia dawa kama rifampisini, kabamazepini au fenitoini. Tuanze na mzio. Neno hili ni sanifu na zuri, lakini anayelijua ni msomaji wa gazeti. Mgonjwa wa kawaida hulijua kwa jina la aleji, au halijui kwa jina lolote. Tafsiri inapasa kulifuatiliza kwa dalili: "ikiwa uliwahi kumeza dawa hii ukavimba midomo au uso, ukawashwa mwili mzima, au ukashindwa kupumua vizuri." Hapa tumeongeza maneno ambayo hayamo katika sentensi ya asili, na wapo watakaosema tumekiuka uaminifu. Nadhani uaminifu katika matini hii hupimwa kwa mtu anayejitambua katika sentensi: je, yule aliyekusudiwa atajua kuwa ni yeye anayesemwa?

Kigezo hicho ndicho kinachotuongoza katika majina ya dawa. Anayetibiwa kifua kikuu huenda hajalisikia jina rifampisini, kwa sababu tembe anazopewa ni mchanganyiko na yeye huziita dawa za TB. Ukimtajia rifampisini peke yake hatajitambua. Ukisema dawa za kifua kikuu peke yake utakuwa umepanua katazo kupita mpaka wake. Basi andika vyote: "rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu", na "kabamazepini au fenitoini, ambazo ni dawa za kifafa". Sababu ya katazo ni kwamba dawa hizo huliharakisha ini katika kuzivunja artemeta na lumefantrini, hata malaria ikabaki bila kutibiwa sawasawa.

Katika orodha hiyo kuna kiunganishi kidogo cha kuchungwa sana. Kiingereza huweza kuorodhesha hali kadhaa kwa kiunganishi cha kujumlisha na msomaji akaelewa kwamba kila moja yatosha. Ukiandika "Usimeze dawa hii ikiwa una ugonjwa wa ini na moyo", msomaji mwenye ugonjwa wa moyo tu ana haki ya kudhani kwamba hahusiki, kwa kuwa hana yote mawili. Tumia "au", na ikiwezekana rudia "ikiwa" katika kila kipengele.

Aidha, mfasiri achunge ukanushaji unaofuatwa na sababu. "Usiache kumeza dawa hii kwa sababu unajisikia vizuri" yasomeka kwa njia mbili, na mojawapo ni kwamba unajisikia vizuri kwa hivyo usiache, jambo lisilomhusu anayejisikia vibaya. "Hata ukipata nafuu, endelea kumeza mpaka tembe ziishe" haina mlango wa pili.

Mara chache au watu wachache?

Kuhusu madhara yanayoweza kutokea, nitagusa jambo moja tu. Matini chanzi hueleza uwezekano wa dhara kwa vielezi, na vijikaratasi vinavyofuata utaratibu wa Ulaya huvipa vielezi hivyo thamani ya nambari. Dhara la kawaida, kwa mfano, ni lile linaloweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, na la nadra hadi mtu 1 kati ya 1,000. Mfasiri akiona kielezi cha unadra huandika "mara chache", kwa mfano: "Mara chache dawa hii huleta vipele." Kiswahili hiki kinasema kwamba msomaji huyu huyu ataota vipele mara chache, leo apate, kesho asipate. Matini chanzi haizungumzii mara bali inazungumzia watu. "Watu wachache sana wanaomeza dawa hii wanaweza kuota vipele" ndiyo tafsiri. Angalia pia kwamba tumeacha "huleta", kwani kiambishi "hu-" cha mazoea hulifanya jambo linalowezekana kuwa la kawaida.

Kuhakiki tafsiri

Mashirika yanayoagiza tafsiri za kitabibu hudai kwa kawaida tafsiri rejeshi: mfasiri wa pili ambaye hajaiona matini chanzi huirudisha tafsiri katika Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Ni njia nzuri ya kunasa sentensi iliyorukwa au nambari iliyobadilika. Lakini haiwezi kunasa utata tuliouanza nao. Mfasiri wa pili naye ni msomi, anajua kwamba dawa humezwa kwa vipindi, hivyo "baada ya saa nane" ataitafsiri kwa maana ya muda bila hata kuona kwamba kuna maana nyingine. Ripoti itasema tafsiri ni sahihi, na ile "dozi" itarudi Kiingereza ikiwa imevaa maana yake ya kale.

Uhakiki unaofaa ni wa msomaji. Mpe mtu asiye mwanafunzi wa tiba tafsiri yako na pakiti yenye peremende 24 badala ya tembe. Mwambie ameanza dawa saa tisa alasiri, kisha umwombe azipange peremende mezani na kutaja wakati wa kila fungu. Usimwulize kama ameelewa, kwani kila mtu hujibu ndiyo. Akiweka fungu la pili kesho yake mchana, sentensi yako imeshindwa, na unajua ni sentensi ipi. Kwa makatazo, mpe watu wa kubuni: mama anayetumia dawa za kifua kikuu, mtoto wa kilo 4, mwanamke mwenye mimba ya miezi miwili. Mwulize yupi ameze, yupi asimeze, yupi aulize kwanza.

Huyo wa mwisho anastahili neno zaidi. Vijikaratasi vingi vya zamani vya AL vilisema isitumiwe katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito iwapo kuna dawa nyingine ya malaria inayofaa. Katazo hilo lilikuwa na sharti, na tafsiri iliyoliacha sharti ililigeuza kuwa marufuku kamili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake na kuipendekeza AL kutibu malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo mitatu. Hali kadhalika, mwaka 2025 Uswisi iliidhinisha aina maalumu ya AL kwa watoto wachanga wa kilo 2 hadi chini ya kilo 5, ilhali vijikaratasi vya tembe ya kawaida bado huanzia kilo 5. Mfasiri anayeletewa kijikaratasi cha kale hana idhini ya kukisahihisha kwa kalamu yake, hata kama amesoma habari mpya. Atafsiri kilichoandikwa pamoja na sharti lake, kisha amwandikie aliyeagiza kazi, kwa barua tofauti, akitaja ukurasa, sentensi na mwaka wa mwongozo mpya, na asikabidhi tafsiri ya mwisho kabla ya kupata jibu kwa maandishi.